Geuza pakiti: kusoma sukari, chumvi na mafuta kwenye biskuti na kripsi

Mezani kwangu kuna pakiti mbili nilizonunua jana kwa Mangi wa mtaani kwetu. Moja ni ya biskuti za krimu ya chokoleti, uzito wake gramu 90. Nyingine ni kripsi za viazi za gramu 50. Binti yangu ana miaka 8, na siku za shule hubeba mojawapo. Nitazitumia hizi mbili mwanzo hadi mwisho, kwa sababu lebo husomeka vizuri zaidi ukiwa na kitu mkononi. Ukiweza, chukua pakiti yako, kalamu na kikokotoo cha simu.

Hatua ya 1: Anza na uzito, halafu tafuta kipimo cha mlaji mmoja

Upande wa mbele acha kwanza. Huko ndiko kuna picha ya glasi ya maziwa na rangi za kuvutia, na hakuna unachohitaji zaidi ya kitu kimoja: uzito halisi. Uandike pembeni. Kwangu ni 90 na 50.

Sasa geuza pakiti utafute jedwali la lishe. Juu ya safu za namba kuna maandishi yanayosema namba hizo ni za kiasi gani cha chakula. Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza. Pakiti yangu ya biskuti ina safu mbili: moja ni kwa kila gramu 100, nyingine ni kwa kipimo cha mlaji mmoja, ambacho mtengenezaji amesema ni biskuti 2, yaani gramu 20. Pakiti ina biskuti 9. Kwa hesabu hiyo ni chakula cha watu wanne na nusu. Mimi sijawahi kumwona mtoto akila biskuti mbili, akaifunga pakiti na kuiweka kwenye begi asubiri kesho.

Pakiti ya kripsi nayo ina safu moja tu, ya kipimo cha gramu 25. Ni nusu ya pakiti. Mtu anayeitazama haraka huona "mafuta gramu 8.5" akadhani ndiyo ya pakiti nzima.

Kwa hiyo unahitaji namba mbili kwa kila kitu. Ya gramu 100 ni ya kulinganisha pakiti moja na nyingine, maana hapo zote zinapimwa kwa mizani moja. Ya pakiti nzima ni ya kujua kinachoingia tumboni. Kripsi zangu nazidisha mara 4 kupata gramu 100 (25 × 4), na mara 2 kupata pakiti nzima. Biskuti tayari zina safu ya gramu 100, hivyo ili kupata pakiti nzima nazidisha kwa 0.9, kwa kuwa gramu 90 ni asilimia 90 ya gramu 100.

Baada ya hesabu hiyo, hizi hapa pakiti zangu kwa kila gramu 100:

- Biskuti: nishati kilokalori 485, protini g 5, kabohaidreti g 69, ambamo sukari ni g 36, mafuta g 21, ambamo yanayoganda ni g 11, sodiamu mg 280.
- Kripsi: nishati kilokalori 546, protini g 6, kabohaidreti g 54, ambamo sukari ni g 2, mafuta g 34, ambamo yanayoganda ni g 15.6, sodiamu mg 680.

Hatua ya 2: Sukari, igeuze iwe vijiko

Sukari huwa ndani ya kabohaidreti, si pembeni yake. Ndiyo maana kwenye jedwali mstari wake umesogezwa ndani kidogo, chini ya mstari wa kabohaidreti. Kabohaidreti nyingine iliyobaki ni wanga wa unga au wa viazi. Usizijumlishe mbili hizo, utahesabu sukari mara mbili.

Kijiko cha chai kilichosawazishwa huchukua takriban gramu 4 za sukari. Gawanya kwa 4, basi. Biskuti zangu zina gramu 36 kwa mia. Pakiti nzima ni 36 × 0.9, yaani gramu 32.4. Ukigawa kwa 4 ni vijiko 8. Kumbuka tunazungumzia pakiti inayotoshea kwenye mfuko wa shati.

Vijiko 8 ni vingi au vichache? Shirika la Afya Duniani linasema sukari iliyoongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu mzima anayekula kilokalori 2,000 hiyo ni gramu 50, na shirika hilo linaona ni bora zaidi akiishia nusu yake, gramu 25. Watoto wanahitaji nishati kidogo, hivyo kikomo chao ni cha chini zaidi. Uingereza imekiweka kwa namba: mtoto wa miaka 7 hadi 10, gramu 24 kwa siku. Pakiti moja ya biskuti imeshavuka hapo kabla hajanywa chai ya jioni.

Kuna tahadhari moja. Mstari wa sukari kwenye lebo nyingi tunazokutana nazo hujumlisha sukari zote, ikiwemo ile ya asili ya maziwa na matunda. Kwa biskuti hilo halibadilishi kitu, karibu yote imetiwa na kiwanda. Kwa mtindi wa kopo au zabibu kavu linabadilisha. Lebo za Marekani ni miongoni mwa zile utakazokuta zimetenga mstari wa sukari iliyoongezwa, kwa sheria iliyotangazwa mwaka 2016.

Hatua ya 3: Chumvi hujificha kwa jina la sodiamu

Huu ndio mstari unaowachanganya watu kuliko yote, nami niutolee nafasi.

Lebo nyingi za kwetu haziandiki chumvi. Zinaandika sodiamu, kwa miligramu. Sodiamu ni sehemu tu ya chumvi: katika gramu 100 za chumvi, takriban 40 ni sodiamu, iliyobaki ni klorini. Kurudi kwenye chumvi, zidisha sodiamu kwa 2.5, kisha gawanya kwa 1,000 ili miligramu ziwe gramu.

Kripsi: 680 × 2.5 = 1,700, yaani gramu 1.7 za chumvi kwa kila gramu 100. Pakiti yangu ni nusu ya hapo, gramu 0.85. Biskuti: 280 × 2.5 = 700, yaani gramu 0.7 kwa mia, na pakiti nzima gramu 0.63.

Ziangalie tena namba mbili za mwisho. Kripsi ambazo zinaacha chumvi vidoleni zina gramu 0.85, na biskuti tamu ambazo hakuna anayezifikiria kuwa na chumvi zina 0.63. Ulimi hutudanganya hapa kwa sababu mbili. Kwanza, chumvi ya kripsi imenyunyizwa juu, hivyo yote inagusa ulimi mara moja. Ya biskuti imekandwa ndani ya unga na kufunikwa na sukari. Pili, sodiamu haiji na chumvi ya mezani peke yake. Magadi ya kuokea yanayoumua biskuti ni sodiamu bikaboneti, na zaidi ya robo ya uzito wake ni sodiamu. Kiungo cha kukoleza ladha kinachoandikwa E621 nacho ni chumvi ya sodiamu. Vyote hivyo vinaingia kwenye mstari mmoja, na mwili hauulizi sodiamu imetoka wapi.

Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, sawa na miligramu 2,000 za sodiamu. Hicho ni kama kijiko kimoja cha chai, na ndani yake kuna mkate wa asubuhi, mboga ya mchana na kachumbari. Kwa mtoto hupungua kufuatana na anavyokula.

Tazama pia kipimo kilichoandikwa. Bidhaa zinazotoka Ulaya huandika chumvi yenyewe, kwa gramu. Hapo usizidishe tena. Nilishawahi kusimama dukani nikishangaa pakiti mbili za karanga, moja ikionyesha 1.2 na nyingine 480, nikaamini ya pili ni mbaya mara mia nne. Kumbe 480 ilikuwa miligramu za sodiamu, yaani chumvi gramu 1.2. Zilikuwa sawasawa.

Hatua ya 4: Mafuta, na namna ya kujua ni mafuta gani

Kiasi chake ni rahisi kusoma. Kripsi zina gramu 34 kwa mia, hivyo theluthi ya unachokitafuna ni mafuta. Pakiti ya gramu 50 ina gramu 17, zaidi kidogo ya kijiko kikubwa cha chakula. Na kwa kuwa gramu moja ya mafuta hutoa kilokalori 9, wakati ya wanga, sukari au protini hutoa 4, zaidi ya nusu ya nishati ya kripsi hizo inatoka kwenye mafuta.

Chini yake kuna mstari wa mafuta yanayoganda, yale yanayopandisha kolesteroli mbaya kwenye damu. Kwenye lebo za Kiingereza neno lake huanza na herufi "Sa". Kikomo ni asilimia 10 ya nishati ya siku, takriban gramu 22 kwa mtu mzima wa kilokalori 2,000. Pakiti yangu ya biskuti ina gramu 9.9 na ya kripsi 7.8. Biskuti, ambazo hazikupita kwenye karai la mafuta, ndizo zenye mengi zaidi kwa pakiti.

Sasa jambo ninalolipenda kwenye kazi hii. Mara nyingi orodha ya viambato husema tu "mafuta ya mimea", bila kusema mmea gani. Gawanya mafuta yanayoganda kwa mafuta yote. Kripsi: 15.6 ÷ 34 = 0.46. Karibu nusu. Mafuta ya alizeti huwa na sehemu moja tu kati ya kumi inayoganda. Mawese huwa karibu nusu kwa nusu. Nazi hupita nane kati ya kumi. Kwa hiyo kripsi hizi zimekaangwa kwa mawese, hata kama pakiti haisemi. Zingekaangwa kwa alizeti, mstari ule ungesoma kama 4 badala ya 15.6, huku mafuta yote yakibaki yale yale 34. Kwenye biskuti zenye maziwa, siagi au kakao hesabu hii si safi hivyo, kwani navyo vina mafuta yanayoganda, ila kwa kripsi na karanga za kukaangwa hainiangushi.

Viwanda havitumii mawese kwa ubaya. Ni nafuu, yanastahimili moto wa karai na hayachachi upesi. Krimu ya biskuti nayo inahitaji mafuta yatakayobaki yameganda kwenye joto la Dar. Alizeti ingevuja hadi kwenye karatasi.

Mafuta ya transi, yanayotokea mafuta ya maji yakigandishwa kiwandani, yana mstari wake kwenye baadhi ya lebo. Hata ukiona 0, pita kwenye viambato. Ukikuta mafuta yaliyotiwa hidrojeni kwa sehemu, yamo. Sheria ya Marekani, kwa mfano, inaruhusu kuandika 0 iwapo kipimo kimoja kina chini ya gramu 0.5, na tumeshaona vipimo hivyo vinavyoweza kufanywa vidogo.

Hatua ya 5: Viambato, na chumvi kama mpaka

Viambato hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia. Biskuti zangu: unga wa ngano, sukari, mafuta ya mimea, sirapu ya glukosi, kakao, wanga wa mahindi, magadi, chumvi, unga wa maziwa, ladha.

Sukari ipo mara mbili hapo, kama sukari na kama sirapu ya glukosi. Majina mengine ya kutafuta ni dekstrosi, fruktosi, maltosi, molasi, asali na juisi ya matunda iliyokolezwa. Kiwanda kikitumia tatu au nne, kila moja hushuka chini kwenye orodha na unga hubaki juu peke yake. Jedwali la lishe halidanganyiki kwa hilo, limeshazijumlisha.

Kisha tafuta chumvi ilipo. Tumeshakokotoa kwamba biskuti hizi zina chumvi isiyozidi gramu 0.7 kwa mia. Chochote kilichoandikwa baada ya chumvi, basi, ni kidogo kuliko hapo. Unga wa maziwa uko baada yake. Ile glasi ya maziwa iliyochorwa mbele inawakilisha chini ya gramu moja ya unga wa maziwa katika gramu 100 za biskuti. Jaribu hesabu hii kwenye biskuti za asali, za shayiri au za matunda uone.

Maneno mengine ya mbele hayahitaji muda mrefu. "Haina kolesteroli" kwenye kripsi ni kweli, ila viazi na mafuta ya mimea havikuwa na kolesteroli ya kuzungumzia tangu mwanzo, na mafuta yanayoganda bado yapo. Alama ya ubora ya TBS, au ya KEBS kwa wa Kenya, ni ya muhimu, lakini inasema bidhaa imekidhi kiwango chake. Haisemi sukari ni kidogo.

Hatua ya 6: Ziweke kwenye mizani moja

Ili kuamua haraka dukani mimi hutumia mipaka ya taa za rangi za Uingereza, yaani alama za kijani, njano na nyekundu zinazochapwa mbele ya pakiti, kwa kila gramu 100. Hesabu ni kubwa ikiwa sukari imezidi 22.5, mafuta 17.5, mafuta yanayoganda 5, chumvi 1.5. Ni ndogo ikiwa sukari haizidi 5, mafuta 3, yanayoganda 1.5, chumvi 0.3. Nimeziandika kwenye karatasi ndogo inayokaa nyuma ya kava ya simu.

Biskuti: sukari kubwa, mafuta kubwa, yanayoganda kubwa zaidi ya mara mbili ya mpaka, chumvi ya kati. Kripsi: sukari ndogo, mafuta kubwa, yanayoganda mara tatu ya mpaka, chumvi kubwa. Nikiwa na mgonjwa wa presha nyumbani, ningeanza kuziondoa kripsi. Kwa mtoto wangu ninayehangaika na meno yake, ni biskuti.

Lebo yenyewe ikiwa na kasoro

Jedwali linaweza kukosewa, au likanakiliwa kutoka bidhaa nyingine. Kuna vipimo viwili vya kuligundua. Jumlisha protini, kabohaidreti na mafuta kwa gramu 100. Jibu haliwezi kuzidi 100. Biskuti zangu ni 5 + 69 + 21 = 95, na iliyobaki ni maji na madini, sawa. Niliwahi kukuta karanga za kufungwa ambazo jumla yake ilikuwa 118. Niliirudisha pakiti rafuni.

Kipimo cha pili ni nishati: protini na kabohaidreti zidisha kwa 4, mafuta kwa 9, ujumlishe. Kwa biskuti ni 20 + 276 + 189 = 485, ndiyo namba iliyoandikwa. Tofauti ya kilokalori kumi au ishirini si kitu, nyuzinyuzi na kukadiria huileta. Tofauti ya mia moja ina maana namba mojawapo si ya chakula hicho.

Na pakiti zisizo na jedwali kabisa, kama kripsi za mihogo za mtaani, ubuyu wa rangi au kashata? Hapo kuna viambato tu, au hakuna hata hivyo. Kripsi yoyote iliyozama kwenye mafuta ninaihesabu kuwa theluthi ni mafuta hadi nionyeshwe vinginevyo. Ubuyu na kashata ninaziweka kundi moja na pipi. Chumvi ndiyo siwezi kuikisia kwa macho, hivyo kripsi za mfuko mtupu tunanunua zisizotiwa chumvi, na muuzaji wetu hukubali kututengea kabla hajanyunyiza.

Za biskuti tulizigawa. Pakiti ya biskuti 9 sasa inakwenda shule siku tatu, tatu tatu kwenye kikopo chenye kifuniko: gramu 30, sukari gramu 10.8, pungufu kidogo ya vijiko vitatu. Siku ya kwanza binti alihesabu, akaniuliza zile sita nyingine nimezila mimi.